.375 au .458? Kichwa cha risasi kimesambaratika ndani ya mbogo, waliozoea kazi hii naomba maoni

Kijana wa Doria (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nipo kwenye kikosi cha kudhibiti wanyama waharibifu na wanaojeruhi watu. Silaha zetu ni .375 H&H Magnum, pamoja na .458 Winchester Magnum moja ya siku nyingi.

Hivi karibuni tuliitwa kwa mbogo dume mzee, peke yake, ambaye tayari alikuwa amemjeruhi mtu. Kiongozi wetu alimkuta kama mita 40, anaondoka taratibu huku ametupa mgongo kwa mshazari. Akampiga kwa .375, risasi laini, ile inayofunguka ikigonga, ya greni 300, ikaingia nyuma ya mbavu za kushoto. Alikuwa analenga njia ya kwenda bega la kulia. Mbogo akashtuka, akaingia kichakani. Tulipomfuata alitutokea kwa karibu sana na aliangushwa kwa .458, si kwa risasi moja.

Wakati wa kuchuna nikaifuatilia ile risasi ya kwanza. Ilipasua ngozi, ikapita kati ya mbavu, ikaishia kwenye tumbo la majani. Moyo na mapafu havikuguswa. Koti la shaba lilikuwa limefunguka hadi karibu na kitako chake, kiini cha madini ya risasi kimechomoka na kuvunjika. Kipande kikubwa nilichookota kilikuwa gramu 7.1, na kilipofunguka kimefikia upana wa milimita 20 hivi. Kichwa kizima kabla ya kupigwa ni gramu 19.4.

Sasa wakubwa wanasema .375 ni ndogo, wote tuhamie .458. Ni kweli tatizo ni ukubwa wa mtutu?

Chuma Hakilii

Mtapoteza fedha bure. Mnyama anakufa kwa kupenya, basi. Chukueni 7.62 ya kijeshi yenye koti zima, hiyo inatoboa hata bati la gari. Yupo mwindaji mmoja wa zamani, Mskoti, Bell, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu. Kama milimita 7 ilitosha kwa tembo, mbogo ni nini?

Mzee Mkuki

Kijana, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: kuitafuta risasi na kuipima. Jibu la swali lako liko kwenye hicho kipande.

Kinachosukuma kichwa mbele ndani ya nyama ni uzito wake. Kinachokizuia ni upana wa uso wake. Kichwa chako kiliingia na milimita 9.5 za upana na gramu 19.4 nyuma yake. Kilipofunguka kufikia milimita 20, eneo la uso liliongezeka zaidi ya mara nne. Wakati huohuo uzito ulishuka hadi kama theluthi moja na kidogo. Ukigawa uzito kwa eneo, kilibaki na sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ya kile kilichokuwa nacho kilipogusa ngozi. Hapo hakuna kupenya tena. Kingekuwa cha .458 chenye ujenzi uleule dhaifu kingefika mbele kidogo, lakini si kwenye bega la kulia.

Linganisha na kichwa cha .375 hiihii ambacho kiini kimeunganishwa na koti kwa joto, au kile chenye ukuta wa shaba katikati unaozuia nusu ya nyuma isifunguke. Hicho kwa kawaida hutoka na uzito wake mwingi. Tuseme kimebaki gramu 18 na kimefunguka milimita 18. Uzito kwa eneo ni kama robo ya ule wa mwanzo, yaani mara tatu ya kile chako. Bunduki ileile, baruti ileile, na matokeo tofauti kabisa.

Tena hapo kuna jambo la pili, pembe. Kwa mbogo anayeondoka kwa mshazari, njia ya kwenda begani inapita kwenye tumbo la majani. Tumbo lile likiwa limeshiba ni kilo nyingi za majani mabichi yenye maji, na linasimamisha risasi kuliko mfupa. Mimi kwa pembe hiyo siwezi kupiga laini ya aina yoyote kama ninayo ngumu, ile isiyofunguka, kwenye chemba.

Mzee Mkuki

Chuma Hakilii, kuhusu Bell uko sahihi nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

Ni kweli alitumia 7x57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Lakini angalia kichwa alichokuwa anapiga: kirefu, pua ya mviringo, koti zima la chuma, gramu 11 na zaidi kidogo, mwendo kama mita 700 kwa sekunde. Kichwa kirefu cha pua butu kinachokwenda polepole hunyooka. Halafu alikuwa anapiga ubongo, akijua fuvu la tembo kwa kila upande, na mara nyingi tembo ambao hawajashtuka. Asipopata pembe, anaacha. Sisi tunaitwa kwa mnyama aliyekwisha kuchokozwa, pengine ana jeraha, pengine giza limeingia, na hatuna ruhusa ya kumwacha aende zake.

Ile 7.62 ya kijeshi ina pua kali na uzito wake umekaa nyuma. Hewani michirizi ya mtutu inaizungusha vya kutosha kuinyoosha. Ikiingia kwenye nyama, ule mzunguko hautoshi tena, na inataka kwenda kitako mbele. Kwenye majaribio ya jeli, ile ya kawaida ya 7.62x51 huanza kupinda baada ya sentimita kama 15, kisha inalala ubavu. Ikiwa ubavu, inageuza mwelekeo. Bati la gari ni milimita moja. Kutoka paji la uso la tembo dume hadi kwenye ubongo ni zaidi ya nusu mita ya ngozi, misuli na mfupa wenye vyumba vya hewa kama sega la asali.

Chuma Hakilii

Sawa mzee, lakini nimeona mwenyewe viboko wakiangushwa kwa 7.62.

Mzee Mkuki

Hata mimi nimeona. Kiboko majini, kichwa kimetulia, mpigaji amelala chini, risasi inaingia kati ya jicho na sikio. Huyohuyo akiwa nchi kavu usiku, kati yako na mto, ni suala jingine.

Mama Mifugo

Naomba niingie kidogo, mimi ni daktari wa mifugo na nimeshaitwa kufungua mizoga ya aina hii. Ninalotaka kuongeza ni kwamba tundu lenyewe lina maana yake, msiliache. Mbogo hafi kwa sababu ya kishindo. Anaanguka kwa moja ya mambo mawili: mfumo wa fahamu umekatika, au damu imeshuka kiasi kwamba ubongo haupati hewa. Hilo la pili linachukua muda hata moyo ukipasuliwa, na ndani ya muda huo mnyama anaweza kukimbia mita nyingi na kumuumiza mtu.

Risasi ngumu haifunguki, kwa hiyo jeraha lake linategemea sana upana iliyozaliwa nao na umbo la pua. Ya .375 ina eneo la milimita 71 za mraba. Ya .458 ina 106. Ni nusu zaidi. Ya 7.62 ina 48. Kwenye pafu tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Ila kuna kitu hakijatajwa. Mkipiga risasi ngumu kwenye kundi, inatoka upande wa pili na nguvu nyingi. Nimewahi kufungua mbogo jike aliyekufa siku kadhaa baadaye kwa jeraha ambalo hakuna aliyejua amempiga.

Mzee Mkuki

Mama Mifugo amenena. Na hapo ndipo mtutu mpana unapopata haki yake. Kwanza kichwa kifike, halafu tuulize kimeacha tundu la ukubwa gani. Ukianza na la pili unapata kama wakubwa wa Kijana, unanunua tundu kubwa linaloishia tumboni.

Kuhusu kundi, sheria yangu ni rahisi: ya kwanza laini iliyojengwa imara, akiwa ubavu au mbele yangu na hakuna mwingine nyuma yake. Zinazofuata zote ngumu, kwa sababu mnyama akishageuka na kukimbia, kilichobaki kinachoonekana ni makalio.

Upepo wa Mashariki

Mbona mnazunguka? Tatizo ni nishati. .300 Winchester Magnum inatoa karibu jouli 4,750, haiko mbali na hizo bunduki zenu nzito, na inapiga tambarare hadi mita 300. Nina darubini nzuri juu yake na sijawahi kukosa swala. Mnawekaje darubini zenu, mita 100 au 200?

Fundi Kitako

Mkuu, mwenzako anapiga mbogo mita 40 kwenda chini, wewe unaleta habari za swala wa mita 300. Kwa kazi hii darubini kubwa ni mzigo. Mnyama akija mbio unaona manyoya tu kwenye kioo. Tumia kilengeo cha nyuma chenye mkato mpana na shanga ya mbele inayoonekana, au darubini ya ukuzaji mdogo kabisa.

Hizo jouli zimejaa humo kwa sababu ya mwendo. Mwendo unapasua kichwa chepesi mapema zaidi. Ndiyo maana risasi za zamani za wanyama wakali, kama .404 Jeffery, zilikuwa zinarusha gramu 26 kwa mita kama 650 tu kwa sekunde, na bado watu wanaziheshimu. Hata sheria hazitazami jouli peke yake. Zimbabwe kwa tembo, mbogo na kiboko wanataka angalau jouli 5,300 na kipenyo kisichopungua milimita 9.2. Hiyo .300 yako inaanguka kote kuwili. .375 H&H inapita yote, ina jouli kama 5,780.

Upepo wa Mashariki

Sawa, lakini simba? Simba si mbogo.

Fundi Kitako

Simba hapo una hoja. Ngozi nyembamba, mwili mwepesi, na risasi ngumu inampitia kabla hajajua amepigwa. Kwa simba laini inayofunguka upesi ndiyo yenyewe, na hata hiyo laini iliyoshindwa kwa mbogo wa Kijana wa Doria ingefanya kazi safi. Kwa hiyo usizitupe zilizobaki, zitengeni na muandike kwenye boksi. Ila mtutu bado ninautaka mpana.

Kijana wa Doria

Shikamooni wakubwa, nashukuru sana. Sasa ninaelewa kwamba boksi lile si la mbogo. Lakini nimebaki na jambo. Ile .458 ilichukua risasi zaidi ya moja kwa karibu, zote ngumu za greni 500. Mbili tulizikuta ndani, hazijatoka. Si ilipaswa kupita kabisa?

Mzee Mkuki

Marahaba kijana. Hizo risasi za .458 ni za lini?

Kijana wa Doria

Tulizirithi pamoja na bunduki. Boksi limechakaa. Kiongozi anasema ana mashaka hata sauti yake, risasi moja ililia kama imepwaya.

Mzee Mkuki

Basi hapo ndipo ningeanzia kabla ya mtu yeyote kusema wote mhamie .458.

.458 Winchester Magnum ilitoka mwaka 1956. Lengo lilikuwa kupata nguvu ya bunduki kubwa za mitutu miwili, gramu 32.4 kwa mita karibu 650 kwa sekunde, ila ndani ya ganda fupi linaloingia kwenye bunduki ya kawaida ya bolti. Ganda lenyewe ni kama milimita 63.5. Kichwa cha greni 500 ni kirefu, kinashuka ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ilibidi baruti ibanwe. Baadhi ya risasi za miaka ile, zikikaa muda mrefu na hasa kwenye joto, baruti iliyobanwa iliganda ikawa bonge na haikuungua sawasawa. Watu wakapata risasi zinazokwenda chini ya mita 600, na nyingine chini zaidi, bila kujua. Ndiyo sababu mwindaji Jack Lott alitengeneza ganda refu zaidi la kipenyo hichohicho, ambalo leo linaitwa .458 Lott.

Risasi za sasa za .458 hazina ugonjwa huo, wala sisemi bunduki yenu ni mbaya. Nasema boksi la kurithi halipimwi kwa imani. Chukua chache, piga kupitia kipima mwendo. Kama tofauti kati ya risasi na risasi ni kubwa, au zinashuka chini ya mita 600, hilo boksi lisiende porini. Bila kipima mwendo kuna dalili: mlio mfupi usio na nguvu, teke linalobadilika kati ya risasi na risasi, chembe za baruti zisizoungua kwenye mtutu, na shabaha ya mita 50 ambayo matundu yake yanapanda na kushuka kwa mstari wa wima.

Fundi Kitako

Na angalia pua ya hizo ngumu. Za zamani nyingi zina pua ya mviringo, na koti la chuma juu ya kiini laini. Zikigonga mfupa kwa mshazari hupinda njia, nyingine hubonyea pembeni. Za sasa zinachongwa kwa shaba tupu kipande kimoja, pua imekatwa bapa. Ile bapa inasukuma nyama kando kiasi kwamba ubavu wa risasi haugusi sana, ndiyo maana inabaki imenyooka. Mashaka yangu ni kwamba mbili zilizobaki ndani huenda zilipinda pia, usilaumu mwendo peke yake. Mngezipima. Hata zikiwa nzima, mkwaruzo wa ubavuni ungeonyesha kwamba zilikwenda kimshazari.

Angalizo moja: hizo za shaba kipande kimoja usiziingize kwenye bunduki za zamani za mitutu miwili kabla ya fundi kuikagua. Ni ngumu, na kuta za mitutu ile ni nyembamba. Nimeona michirizi imejichora hadi nje ya mtutu.

Mama Mifugo

Kwa hiyo jibu la wakubwa wake ni lipi? Wabaki na .375?

Mzee Mkuki

Kwa kikosi chenye watu wa viwango tofauti, mimi ningebaki na .375 kwa wengi na .458 kwa mtu mmoja au wawili wanaoimudu. Teke la .458 ni kama mara moja na nusu la .375. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba jicho na kuvuta kifyatulio kwa nguvu, na risasi ya milimita 11.6 iliyopita juu ya mgongo haina tundu lolote.

Chuma Hakilii

Hapo sasa mzee unanirudia mimi. Kama hofu ndiyo tatizo, bunduki ndogo inapigwa vizuri zaidi.

Mzee Mkuki

Mpaka mahali fulani, ndiyo. Mahali penyewe ni pale ambapo kichwa kidogo hakifiki tena hata ukipiga vizuri. Kwa mbogo na tembo, pamewekwa kwenye 9.2 au 9.5 na watu waliozika wenzao.

Nyikani Tu

Nimesoma kimya mpaka hapa, sikubaliani na laini ya kwanza. Kwenye udhibiti, tofauti na uwindaji wa kulipia, humchagui mnyama wala pembe. Kikosi chetu kinabeba ngumu bapa mwanzo hadi mwisho kwa mbogo na tembo. Mtu mwenye hofu hatakumbuka iliyopo kwenye chemba ni ipi. Suala la kundi tunalimaliza kwa kutopiga akiwa kwenye kundi.

Mama Mifugo

Na yule aliyejeruhiwa anayekimbilia kundini?

Nyikani Tu

Huyo tunamsubiri ajitenge. Mbogo mwenye jeraha baya mara nyingi hujitenga mwenyewe.

Mzee Mkuki

Mara nyingi. Si wote. Na siku hizi zipo laini za shaba tupu, zisizo na kiini cha kuchomoka, zinazopenya karibu sawa na ngumu za zamani huku zikifunguka. Kwa mbogo wa ubavuni naona zinanipa damu zaidi upesi. Kwa tembo sibishani na wewe, ngumu tu.

Nyikani Tu

Nimewahi kuona ya shaba tupu ambayo haikufunguka kabisa, na nyingine petali zote, zile mbawa zinazofunguka puani, zimekatika. Na iliyokatika petali inabaki kigongo ambacho bado kinasonga mbele, kwa hiyo kwangu zote mbili ni ngumu ya bei mbaya.

Kijana wa Doria

Nimeongea na kiongozi. Tumepata kipima mwendo cha kuazima. Boksi la .458 tunalipima wiki hii, na zile mbili za ndani ya mbogo nimeziosha: moja imenyooka, nyingine pua imebonyea upande na ina mkwaruzo mrefu ubavuni, kama alivyosema Fundi. Iliyobonyea ndiyo iliyopita kwenye fundo la bega.

Fundi Kitako

Piga picha ya kitako chake pia. Kama kiini kimesukumwa nje nyuma ya koti, hilo boksi hata likipita mtihani wa mwendo usilirudishe kwa mbogo.

Kijana wa Doria

Kimetoka kama milimita mbili.